Tangi Maradufu, Bei Mara Ngapi?

Mazungumzo kwa walaji, yaliyotolewa na maofisa wa wakala wetu katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani, 15 Machi



Juu ya meza hii tumeweka makasha mawili ya karatasi ngumu. Yote mawili ni michemraba, yaani urefu, upana na kimo cha kila moja ni sawa. Dogo lina sentimita 10 kila upande. Kubwa lina sentimita 20 kila upande. Hatukubadilisha jambo jingine lolote. Tulichukua kila kipimo cha kasha dogo tukakizidisha kwa mbili. Kasha dogo tumelijaza mahindi hadi ukingoni, nayo ni lita moja kamili. Kabla hatujaanza kumimina, tunaomba kila mmoja wenu akadirie moyoni mwake: kasha dogo litajazwa na kumiminwa mara ngapi ndipo lile kubwa lijae?

Tumewasikia waliosema mara mbili, na waliosema mara nne. Sasa tumimine, nanyi mhesabu. Mara ya nne mahindi yamefika nusu tu ya kimo. Mara ya nane kasha limejaa. Ndani ya kasha kubwa mna lita 8.

Sababu yake inaonekana mtu akitazama ndani. Sakafuni mwa kasha kubwa makasha madogo manne yanaweza kukaa, mawili kwa mawili. Juu ya hayo manne, kwa kuwa kimo nacho ni maradufu, yanakaa mengine manne. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Lakini sasa tazameni karatasi yenyewe. Uso mmoja wa kasha dogo ni sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita 100 za mraba, na nyuso ni 6, kwa hiyo karatasi iliyotumika ni sentimita 600 za mraba. Uso mmoja wa kasha kubwa ni sentimita 400 za mraba, na nyuso 6 zinafanya 2,400. Karatasi imeongezeka mara 4, si mara 8. Ukingo, yaani mstari wa pembeni pale nyuso mbili zinapokutana, umeongezeka mara 2 tu.

Kumbe neno "maradufu" limebeba hesabu tatu ndani yake. Urefu huzidi mara 2, eneo la uso huzidi mara 4, na ujazo huzidi mara 8. Muuzaji na mnunuzi wakitamka neno hilo moja, kila mmoja akiwa na hesabu yake kichwani, patatokea ugomvi ambao pengine hakuna aliyeukusudia. Tumekuja kuwaeleza shauri moja la aina hiyo lililoletwa ofisini petu, kwa sababu limetufundisha zaidi ya makasha haya ya karatasi.

Mama mmoja mwenye kibanda cha kufulia nguo alikuwa na tangi la chuma la kuhifadhia maji. Lilikuwa la futi 2 kila upande, likiwa na mfuniko mdogo juu. Fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaani kwake ndiye aliyelitengeneza, kwa shilingi 120,000, nalo lilimtumikia vema. Biashara ilipopanuka na maji ya mgawo yakawa yanachelewa, mama alirudi kwa fundi yule yule akamwambia, "Mwanangu, nitengenezee lingine kama hili, ila liwe maradufu kila upande." Fundi akapima, akakokotoa, akamjibu kwamba tangi hilo litachukua maji mara nane ya lile la kwanza, kwa hiyo bei yake ni mara nane: shilingi 960,000. Mama akashtuka. Wakavutana siku mbili, mwisho wakakubaliana shilingi 700,000. Mama akaondoka akiamini kwamba amepunguziwa sana.

Tangi likaletwa, likawekwa, likajazwa. Kufikia jioni kuta zake zilikuwa zimetuna kama tumbo la mtu aliyeshiba. Katika juma la pili mshono mmoja wa chini ukapasuka, na maji yakamwagika usiku kucha. Ndipo mama akaja kwetu na lalamiko lake, na lalamiko lenyewe lilikuwa kwamba fundi amemtoza kupita kiasi. Fundi naye, tulipomwita, hakujificha. Alisema kwa utulivu: "Mimi nimeuza maji. Tangi hili linabeba mara nane, nami nimemwachia chini ya hapo. Nimemdhulumu nini?"

Tulikaa nao wote wawili, tukaifungua bei ya tangi dogo sehemu kwa sehemu. Kazi hiyo mlaji yeyote anaweza kuifanya kwa penseli na karatasi. Bei tutakazozitaja ni za shauri lile. Dukani kwenu zitakuwa nyingine, lakini namna ya kuhesabu haibadiliki.

Mabamba ya chuma ya kawaida katika maduka yetu huuzwa yakiwa na futi 4 kwa futi 8, yaani futi za mraba 32. Tangi dogo lina nyuso 6 za futi 2 kwa 2, kila uso futi za mraba 4, jumla 24. Bamba moja hutoa vipande 8 vya kipimo hicho, kwa hiyo fundi alinunua bamba moja kwa shilingi 70,000, akatumia vipande 6, viwili vikabaki karakanani. Bamba hilo lilikuwa na unene wa milimita 1.5. Mchemraba una kingo 12, na kila ukingo ulikuwa futi 2, kwa hiyo mishono ya kuchomelea ilikuwa futi 24. Kwa kila futi fundi alihesabu shilingi 1,000, pamoja na vijiti vya kuchomelea na umeme: shilingi 24,000. Rangi ya kuzuia kutu ndani na nje ilikuwa shilingi 12,000. Zilizobaki, shilingi 14,000, ndizo faida yake. Hatukuona kosa lolote katika bei hiyo.

Sasa tangi kubwa. Kila upande ni futi 4, kwa hiyo uso mmoja ni futi za mraba 16, na nyuso zote 6 ni futi za mraba 96. Gawanyeni kwa 32: ni mabamba matatu kamili, bila kubaki hata kipande. Fundi yeyote hufurahia kipimo cha namna hiyo, kwa kuwa bamba moja hukatwa katikati likatoa nyuso mbili. Mabamba matatu ya unene ule ule ni shilingi 210,000. Kingo ni 12 zile zile, kila moja futi 4, kwa hiyo mishono ni futi 48: shilingi 48,000. Rangi hufuata uso, nayo ikazidi mara 4: shilingi 48,000. Jumla ya gharama ni shilingi 306,000. Hata tukimpa fundi faida mara nne ya ile ya mwanzo, yaani shilingi 56,000, tangi lingekamilika kwa shilingi 362,000.

Mnaona mambo yalivyo. Maji yamezidi mara 8, lakini bei haikufika hata mara 4. Imezidi mara 3 na ushei. Chuma kilichomo tangini kimezidi mara 4 kweli, ila katika tangi dogo mama alilipia bamba zima ingawa robo yake ilibaki kwa fundi, na kazi ya kuchomelea imezidi mara 2 tu. Hakuna hata sehemu moja ya gharama iliyozidi mara 8. Maji hayakununuliwa na fundi.

Hapo mama alimgeukia fundi kwa macho ya ushindi. Nasi, tukiwa vijana wa ofisini wenye kuamini kalamu zetu, tulikuwa karibu kabisa kuandika uamuzi: fundi arudishe shilingi 338,000. Tunashukuru kwamba kabla ya kuandika, mkaguzi wetu mmoja wa siku nyingi aliuliza swali dogo: "Na lile tangi, kwa nini lilituna?"

Swali hilo liligeuza shauri zima.

Hesabu yetu ya shilingi 362,000 ilikuwa sahihi kwa tangi lenye bamba la milimita 1.5. Lakini je, tangi la namna hiyo linafaa kuuzwa? Tuyafuate maji yenyewe. Futi moja ya ujazo huchukua lita 28.3 hivi. Tangi dogo lina futi za ujazo 8, sawa na lita 226, na maji hayo yana uzito wa kilo 226. Tangi kubwa lina futi za ujazo 64, sawa na lita 1,812, yaani zaidi ya tani moja na robo tatu. Uzito huo hauikalii sakafu peke yake. Maji husukuma kuta nazo, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo msukumo unavyoongezeka. Likijaa, kila ukuta wa tangi dogo husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 113 hivi: gunia moja na kidogo. Kila ukuta wa tangi kubwa husukumwa kwa nguvu sawa na kilo 906, yaani magunia tisa. Ukuta umepanuka mara 4, lakini mzigo wake umezidi mara 8, kwa sababu kina cha maji nacho kimekuwa maradufu.

Juu ya hayo kuna jambo la pili, ambalo kila aliyewahi kulaza ubao juu ya mtaro analijua. Ubao mfupi hukubeba. Ubao wa unene ule ule ukiwa mrefu maradufu hupinda chini ya mguu wako. Katika tangi dogo, bamba lilishikwa na kingo zilizo umbali wa futi 2. Katika tangi kubwa kingo zimeachana futi 4, na katikati bamba halina wa kulishika. Mzigo umezidi, mshikizo umekwenda mbali, na chuma ni kile kile chembamba. Basi tumbo likatoka, na tumbo lilipotoka likavuta mshono wa chini, mahali ambapo msukumo ni mkubwa kuliko pote.

Fundi alipaswa kuongeza unene. Tuseme anaongeza maradufu kama alivyoongeza vipimo vingine, kutoka milimita 1.5 hadi milimita 3. Sasa rudini kwenye hesabu ya chuma. Bamba la futi 4 kwa 8 lenye unene wa milimita 1.5 lina uzito wa kilo 35 hivi. Lenye milimita 3 lina kilo 70. Tangi dogo lilikuwa na robo tatu ya bamba jembamba, yaani kilo 26 na ushei za chuma. Tangi kubwa lenye mabamba matatu manene lina kilo 210. Gawanyeni: ni mara 8. Ile nane ya fundi, ambayo tulikuwa tumeifukuza mlangoni, imerudi kupitia dirishani, safari hii kwa haki. Uso huzidi mara 4. Lakini unene nao ukizidi mara 2, chuma kwa uzito huzidi mara 8 sawasawa na maji.

Hili ndilo tunalotaka mlielewe kuliko yote tuliyosema. Kitabu cha shule husema kwamba pande za kasha zikizidishwa kwa mbili, malighafi huzidi mara 4. Ni kweli kwa karatasi hii, ambayo haibebi mzigo mkubwa. Ni kweli kwa rangi, na kwa kitambaa cha kufunikia kasha. Kwa chombo kinachobeba uzito, ni kweli pale tu unene unapoachwa kama ulivyo, na mara nyingi unene hauwezi kuachwa kama ulivyo. Swali la kumuuliza fundi, basi, si "mbona bei ni mara nyingi hivi?" Ni "unatumia bamba la milimita ngapi?" Bila jibu la swali hilo, bei yoyote atakayoitaja haiwezi kuitwa ghali wala rahisi.

Tukaihesabu upya bei ya tangi ambalo mama alistahili kupewa. Dukani bamba la milimita 3 lilikuwa shilingi 140,000, maradufu ya lile jembamba. Matatu ni shilingi 420,000. Kuchomelea bamba nene hula vijiti zaidi na muda zaidi, fundi akataja shilingi 2,000 kwa futi, nasi tuliuliza katika karakana nyingine mbili tukaona ni bei ya haki: shilingi 96,000. Rangi haikubadilika, kwa kuwa rangi haijali unene: shilingi 48,000. Kisha kuna vyuma vya pembe vya kuzungushia kuta katikati ya kimo. Hivyo si pambo. Hata milimita 3 peke yake haimalizi kazi katika ukuta wa futi 4, kwa kuwa chuma chake bado hubanwa na kuvutwa kuliko kile cha tangi dogo; mshipi wa chuma katikati hurudisha mshikizo karibu. Vyuma hivyo vilikuwa shilingi 70,000. Ongezeni faida ya shilingi 56,000. Jumla ni shilingi 690,000.

Mama alikuwa amelipa shilingi 700,000.

Chumba kilinyamaza kidogo. Bei aliyoilalamikia ilikuwa karibu sawasawa na bei ya tangi zuri. Ila tangi alilopewa lilikuwa la shilingi 362,000. Hakupunjwa kwa kutozwa bei ya juu. Alipunjwa kwa kulipia chuma cha kilo 210 akapewa cha kilo 105. Tena ile furaha yake ya kupunguziwa kutoka 960,000 ndiyo iliyomfumba macho, maana siku zile mbili za kuvutana hakuna aliyetaja unene hata mara moja. Fundi alikiri kwamba hakuwaza habari ya unene. Alichukua mabamba aliyoyazoea. Sisi tulimwamini, lakini kutojua kwa fundi hakumwondolei mteja hasara.

Labda mtauliza, kama tulivyojiuliza, mama angejuaje? Tangi likishafungwa pande zote huoni ukingo wa bamba, na rangi huficha mengi. Kuna njia tatu, nazo tunazitaja kwa mpangilio wa urahisi wake. Ya kwanza ni kwenda karakanani kabla mabamba hayajakatwa na kumwomba fundi apime ukingo kwa kipimo cha kubana anachokitumia mwenyewe. Fundi mwaminifu hatakasirika. Ya pili ni stakabadhi: iandikwe vipimo vya nje, idadi ya mabamba na unene kwa milimita. Stakabadhi inayosema "tangi moja kubwa" haitusaidii sisi kukusaidia wewe.

Njia ya tatu tumeipenda sana, kwa kuwa haihitaji kifaa zaidi ya mizani ya duka la unga. Juu ya kila tangi hukatwa tundu la mfuniko. Mwombeni fundi alikate tundu hilo futi 1 kwa futi 1, na kile kipande kinachotoka mkiweke mizanini kabla hakijapakwa rangi wala kutiwa bawaba. Futi moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1.5 huwa na kilo 1 na gramu 90 hivi. Ya milimita 3 huwa na kilo 2 na gramu 190 hivi. Tofauti ya kilo nzima haifichiki, hata kama mizani si sahihi sana na kipande hakikukatwa kwa unyoofu. Angalizo moja tu: kipande hicho kitoke kwenye tangi lenu mbele ya macho yenu, kisiwe kimeokotwa kwenye rundo la mabaki.

Kabla hatujamaliza shauri la mama huyu, tuseme kidogo kuhusu haja yake yenyewe. Tulimuuliza alihitaji maji kiasi gani, akasema tangi la kwanza lilikuwa likimwishia saa sita mchana. Alihitaji siku nzima. Yaani alihitaji maji mara mbili, si mara nane. Alisema "maradufu kila upande" kwa kudhani kwamba hivyo ndivyo maji yanavyokuwa mara mbili. Jicho letu hupima urefu, ujazo hulipita. Wakulima wa nyanya wanalijua hili kwa uchungu: mnunuzi akija na kasha lililoongezwa sehemu moja ya kumi tu kwa kila upande, hakuna anayeshtuka, lakini nyanya zinazoingia zimezidi kwa karibu theluthi moja.

Mtu anayetaka maji mara mbili azidishe upande mmoja tu. Tangi la futi 2 kwa 2 lenye kimo cha futi 4 lina futi za ujazo 16, lita 453, maradufu kamili ya lile la kwanza. Chuma chake ni futi za mraba 40 badala ya 24. Kuta nne za futi 2 kwa 4 hula bamba moja zima, na sakafu pamoja na paa hukatwa kwenye robo ya bamba la pili. Fundi akimtoza mteja mabamba mawili kamili, mteja ana haki ya kuondoka na robo tatu iliyobaki, na robo tatu hiyo ni vipande 6 vya futi 2 kwa 2: inatosha tangi jingine dogo. Hapa napo kina kimekuwa maradufu, kwa hiyo msukumo wa chini ni mkubwa kuliko katika tangi dogo, lakini kingo za wima bado ziko umbali wa futi 2, nazo hulishika bamba vizuri zaidi. Bamba nene kidogo litahitajika. Milimita 3 huenda isiwe lazima. Akitaka mchemraba, upande wa futi 2 na nusu humpa karibu kiasi hicho hicho cha maji, lita 442. Ila vipande vya futi 2 na nusu havikai vizuri katika bamba la futi 4: hutoka vitatu tu kwa bamba, na mabaki mengi yasiyo na kazi.

Na kama kweli unataka tangi la futi 4 kila upande, angalia mahali pa kuliweka. Eneo la sakafu yake ni mara 4 ya lile dogo, lakini uzito ni mara 8, kwa hiyo kila futi ya mraba ya chini hubeba maradufu. Udongo uliolibeba tangi dogo bila kulalamika waweza kudidimia upande mmoja. Juu ya paa la zege, tani mbili zilizosimama mahali pamoja ni jambo la kumwita mtu aliyejenga nyumba hiyo kwanza.

Mama yetu aliamua kwamba, kwa kuwa biashara inakua, tangi kubwa alitake hivyo hivyo. Walikubaliana mbele yetu, kwa maandishi. Fundi alilichukua lile tangi lililotuna; futi zake za mraba 96 zilitosha kutengenezea matangi manne madogo, akasema atayauza. Akanunua mabamba matatu ya milimita 3 na vyuma vya pembe, akaanza upya bila kumdai mama nyongeza. Shilingi 10,000 zilizozidi katika hesabu zetu mama alisema zihesabiwe kuwa nauli ya kulileta, kwa kuwa tangi la kilo zaidi ya 200 halibebwi kwa mkokoteni wa mtu mmoja.

Siku ya kukata tundu la mfuniko, mama alikwenda karakanani na mkaguzi wetu akamsindikiza. Kipande kilipotoka kilikuwa bado cha moto. Walingoja kipoe, wakakipeleka katika duka la unga lililo ng'ambo ya barabara. Mwenye duka aliondoa kilo mbili za sukari kwenye mizani akakiweka hapo. Ilisoma kilo 2 na gramu 180.